Kuomba siku zaidi za kulipa: njia nne za kupanga na msambazaji wako, zikilinganishwa

Kwa miaka sita nilishika daftari la wadaiwa katika ghala moja la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam, na kazi yangu ya kila Jumatatu ilikuwa kuwapigia simu wenye maduka wa Morogoro, Dodoma na Iringa ambao tarehe zao zilikuwa zimepita. Baadaye nilihamia kwa wanunuzi, nikawa mtu wa kuomba siku badala ya kuzitoa. Kazi hizo mbili zilinionyesha jambo ambalo wenye maduka wengi hawalijui: kinachomkosesha msambazaji usingizi si wingi wa siku, bali ni kutojua fedha yake itaingia siku gani. Mteja anayelipa siku ya 30 bila kukosa ni mteja mzuri kuliko yule mwenye makubaliano ya siku 14 ambaye mara hulipa siku ya 12, mara ya 27, na katikati hapokei simu.

Kwa hiyo anayetaka kuongezewa muda wa malipo ana njia zaidi ya moja ya kuliweka ombi lake. Hapa nazilinganisha nne: kuongezewa siku moja kwa moja, kulipa kwa awamu, kuongezewa siku kwa kuweka dhamana, na kuchukua baadhi ya bidhaa kwa mali kauli. Nitatumia duka moja la mfano kote, ili hesabu zisitupotee njiani.

Kwanza, pengo lako ni la siku ngapi

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro linalonunua kwa muuzaji wa jumla wa Dar es Salaam mzigo wa shilingi milioni 30 kwa mwezi, yaani takribani milioni 1 kwa siku. Makubaliano yaliyopo ni kulipa ndani ya siku 14. Bidhaa hukaa dukani wastani wa siku 32 kabla ya kuuzwa, na kwa kuwa mafundi na makandarasi wadogo nao hukopa, fedha huchelewa siku nyingine 10. Maana yake ni kwamba shilingi iliyoingia kwenye mzigo hurudi siku ya 42, wakati msambazaji anaidai siku ya 14. Pengo ni siku 28, na kwa milioni 1 kwa siku, mwenye duka anahitaji mtaji wa milioni 28 wa kuliziba.

Akipewa siku 30 badala ya 14, pengo hupungua kwa siku 16, na milioni 16 hubaki mkononi mwake. Hapa kuna mtego ambao nimeona ukiwanasa watu wengi. Milioni 16 hizo hupatikana mara moja tu, katika wiki mbili za mwanzo ambazo hakuna malipo yanayotoka. Baada ya hapo malipo ya milioni 1 kwa siku huendelea kama kawaida. Anayezichukua akanunulia kiwanja amekopa kwa msambazaji fedha ya muda mfupi na kuifunga mahali ambapo haitoki upesi.

Kabla ya kuomba, gawa pia bidhaa zako kwa kasi ya mauzo. Katika duka letu nusu ya manunuzi ni nondo, mabati na misumari, ambavyo hukaa siku 12 hivi. Nusu ya pili ni rangi, vitasa, koki na marumaru, ambavyo hukaa siku 52. Tatizo halisi liko katika nusu hiyo ya pili. Ukiomba siku 45 kwa bidhaa nzito kuuzika peke yake na kuziacha zinazokimbia kwenye siku 14 zilezile, wastani wako unakuwa siku 29 na nusu, karibu sawa na kuomba siku 30 kwa kila kitu, ila msambazaji anasikia ombi linalohusu nusu tu ya biashara yenu. Tena analielewa, kwa sababu yeye mwenyewe anajua rangi haikimbii kama misumari.

Vigezo vya kulinganishia

Kila njia nitaipima kwa mambo manne. La kwanza ni gharama kwako, kwa sababu siku za ziada mara nyingi hulipiwa ndani ya bei bila kutajwa. La pili ni anachobeba msambazaji: fedha yake iliyokwama, hatari ya kutolipwa, na kodi ambayo haisubiri. La tatu ni kinachotokea ukiteleza, maana hakuna biashara isiyopata mwezi mbaya. La nne ni nani inamfaa.

Kuhusu kodi nieleze mapema, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo wanunuzi husahau. Tanzania Bara, kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 18, na muuzaji aliyesajiliwa huiwasilisha kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata mwezi wa mauzo, awe amelipwa na mteja au hajalipwa. Kenya nako siku ni hiyo hiyo ya 20, ingawa kiwango ni asilimia 16. Mzigo wa milioni 10 uliotolewa tarehe 28 Juni una kodi ya milioni 1.8, ambayo msambazaji ataiingiza kwenye hesabu yake ya tarehe 20 Julai. Kama mmekubaliana siku 45, wewe utalipa tarehe 12 Agosti. Kwa siku 23 atakuwa ameibeba kodi ya mauzo ambayo hajapokea hata shilingi yake, ilhali wewe, ukiwa umesajiliwa na una risiti halali ya kielektroniki, umekwisha kuipunguza katika kodi yako mwenyewe tarehe 20 Julai hiyo hiyo. Msambazaji mwenye mhasibu makini analiona jambo hili waziwazi, nawe ukilitaja kabla yake umempa sababu ya kukuamini.

Njia ya kwanza: kuongezewa siku moja kwa moja

Hii ndiyo inayoombwa na wengi: bei ileile, mzigo uleule, ila siku 14 ziwe 30, au ziwe 45 kwa bidhaa za polepole.

*Gharama kwako.* Juu ya karatasi ni sifuri. Kwa kweli inategemea kama bei itabaki ilivyo. Tuseme msambazaji wetu anakopa benki kwa asilimia 18 kwa mwaka. Kukuachia milioni 16 za ziada kunamgharimu milioni 2.88 kwa mwaka, yaani shilingi 240,000 kwa mwezi. Kwa mauzo ya milioni 30, hiyo ni asilimia 0.8. Akikwambia bei itapanda kwa kiasi hicho, hajakudhulumu. Akipandisha bei yote kwa asilimia 3, utakuwa unalipa 900,000 kila mwezi kwa ajili ya kutumia milioni 16, ambayo ni zaidi ya asilimia 67 kwa mwaka, na afadhali ukope benki. Jambo la kuudhi ni kwamba ongezeko la namna hiyo halitangazwi. Huonekana tu kwenye orodha ya bei ya mwezi wa pili. Kwa hiyo, kabla hujaenda kuomba, chukua bei za bidhaa kumi unazonunua sana kutoka kwa wauzaji wawili wengine, uziandike, kisha uzilinganishe tena baada ya miezi miwili.

*Anachobeba yeye.* Ndiyo njia inayomlemea zaidi kuliko zote. Deni lako kwake lilikuwa likifika milioni 14. Sasa, kwa siku 14 za nusu moja na 45 za nusu nyingine, litafika milioni 29 na nusu. Ukianguka, hasara yake imekuwa mara mbili. Kama faida yake kwenye vifaa hivi ni asilimia 5, anapata kwako milioni 1.5 kwa mwezi, na zile 240,000 zinamla karibu sehemu moja ya sita ya faida hiyo.

*Ukiteleza.* Hana cha kushika isipokuwa kukunyima mzigo, na hicho hukitumia haraka. Kule ghalani tulikuwa hatumwambii mteja kwamba tumemchoka. Gari lake lilipakiwa la mwisho, nondo za milimita 12 zikawa "zimeisha" wakati zimejaa uani, na afisa mauzo akaacha kupita dukani kwake. Ukiona hayo matatu kwa pamoja, tatizo si stoo.

*Anayefaa.* Mnunuzi aliyelipa kwa wakati kwa miezi sita au zaidi, ambaye anaweza kuonyesha tarehe hizo kwenye karatasi, na ambaye mahitaji yake ni ya siku chache za nyongeza. Kama miezi sita hiyo ina mashimo, pita kwanza kwenye njia ya pili.

Njia ya pili: kulipa kwa awamu, kodi ikitangulia

Badala ya kulipa ankara yote siku ya 30, unailipa kwa mafungu matatu: siku ya 10, ya 30 na ya 50. Wastani wake ni siku 30 zilezile, kwa hiyo kwako pengo limepungua sawasawa na njia ya kwanza, lakini kwa msambazaji picha ni tofauti kabisa, kwa kuwa fedha inaanza kuingia mapema na deni la ankara moja halibaki zima kwa muda mrefu.

Sura iliyo bora zaidi, na ambayo ningeipendekeza kwa mtu yeyote aliyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ni fungu la kwanza kuwa kodi yenyewe. Kwa mzigo ule wa milioni 10, unaahidi kulipa milioni 1.8 kabla ya tarehe 18 Julai, na milioni 10 zilizobaki siku ya 45. Kodi hiyo ungekuwa umekwisha kuipunguza kwenye hesabu yako ya tarehe 20, hivyo kuitanguliza siku mbili hakukuumizi sana, lakini msambazaji ameondokewa na jambo lililokuwa likimkera zaidi katika siku 45. Kama hujasajiliwa, mpango huu hauna faida hiyo kwako, na mafungu matatu ya kawaida yanatosha.

*Gharama kwako.* Ndogo. Mara nyingi bei haipandi kabisa, kwa sababu ombi lenyewe linaonekana la kiasi. Gharama iliyojificha ni kazi ya kufuatilia: mwenye oda nne kwa mwezi anakuwa na tarehe kumi na mbili za kulipa, na asiye na kalenda iliyobandikwa ukutani atakosa moja tu na kuharibu sifa ya zote.

*Anachobeba yeye.* Kodi imelindwa, na fungu la kwanza linamwambia mapema kama mambo yako ni mazuri. Hilo la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mdai anayesubiri siku 45 kwa kimya hajui lolote mpaka siku ya 46. Anayepokea fungu siku ya 10 amepata habari.

*Ukiteleza.* Kuteleza kwenye fungu moja kunazungumzika. Ukipiga simu siku ya 28 kusema fungu la siku ya 30 litaingia siku ya 34, mhasibu wa upande wa pili hubadilisha tarehe kwenye daftari na maisha yanaendelea. Ukipigiwa wewe siku ya 31, hadithi ni nyingine.

*Anayefaa.* Duka ambalo mauzo yake huingia kila siku kidogo kidogo, na mnunuzi ambaye rekodi yake ina madoa na anataka kuyafuta. Haimfai mkandarasi anayelipwa na mteja wake kwa mkupuo mmoja kila baada ya miezi miwili.

Njia ya tatu: siku zaidi kwa dhamana

Hapa unamwambia msambazaji: niongezee siku, nami nitakuachia kitu. Vitu vinavyotumika zaidi ni viwili, hundi za tarehe za mbele na dhamana ya benki, navyo havifanani hata kidogo.

Hundi ya tarehe ya mbele ni ahadi yenye saini. Haina gharama, lakini inategemea kabisa fedha kuwapo kwenye akaunti siku ile. Wanunuzi huandika hundi sita kwa pamoja katika mwezi wenye neema, kisha husahau kwamba ya nne itaangukia wakati wa masika, ambapo ujenzi umesimama. Hundi inayorudi huacha alama benki na kwa msambazaji kwa siku moja, na kutoka hapo hata maneno matamu hayasaidii. Ukichagua njia hii, panga kiasi cha kila hundi kwa mauzo ya mwezi wake mbaya, si ya mwezi wake mzuri, na weka pia ukomo wa thamani ya hundi akilini. Kenya, kwa mfano, malipo yanayozidi shilingi za Kenya milioni 1 hayapitishwi kwa hundi kati ya benki na benki.

Dhamana ya benki ni nzito zaidi. Benki inamwandikia msambazaji kwamba ukishindwa kulipa, yenyewe italipa hadi kiasi fulani.

*Gharama kwako.* Tuseme benki inatoza asilimia 2 kwa mwaka kwa dhamana ya milioni 20: ni shilingi 400,000. Linganisha na ongezeko la bei la asilimia 0.8, ambalo ni milioni 2.88 kwa mwaka, na utaona kwa nini wanunuzi wakubwa huipenda. Ila benki nayo itataka hati ya nyumba au fedha iliyofungiwa kwenye akaunti, na dhamana hiyo itakula sehemu ya kiasi ambacho benki ingekuwa tayari kukukopesha kwa jambo jingine. Anayetakiwa kufungia milioni 20 taslimu ili apate nafuu ya milioni 16 amezunguka akarudi alipotoka, na vibaya zaidi.

*Anachobeba yeye.* Hatari ya kutolipwa imeshuka sana, lakini fedha yake bado imekwama kwa muda uleule na kodi bado inalipwa tarehe 20. Usishangae akikubali siku huku akikataa kuteremsha bei.

*Ukiteleza.* Kwa dhamana ya benki, msambazaji hana haja ya kukusihi. Anadai benki, benki inakudai wewe. Uhusiano wenu wa kibiashara unaweza kunusurika, lakini ule wa benki unajeruhiwa.

*Anayefaa.* Mnunuzi mpya ambaye hana historia na msambazaji huyo, au anayeongeza kiasi cha oda ghafla. Inafaa pia pale ambapo msambazaji amekwisha kuungua. Wasambazaji wa Kenya waliobaki na madai makubwa baada ya kuanguka kwa mtandao wa maduka wa Nakumatt, ambao wadai wake walipiga kura ya kuufilisi Januari 2020, hawahitaji kuelezwa kwa nini wanauliza habari za dhamana. Mwenye kuulizwa hivyo asilione ni tusi.

Njia ya nne: mali kauli

Unachukua bidhaa kwa kauli tu, unaziuza, unarudisha fedha ya zilizouzwa na zilizobaki zinahesabiwa kuwa bado ni zake. Ni njia ya zamani katika biashara zetu, na kwa bidhaa nzito kuuzika hakuna inayoliziba pengo vizuri zaidi, kwa kuwa siku za kulipa zinafuata siku za kuuza zenyewe.

*Gharama kwako.* Bei ya mali kauli huwa juu kuliko ya taslimu, na ni haki iwe hivyo. Swali la kuuliza si bei pekee bali nani anachagua bidhaa. Msambazaji hufurahia kukuletea kwa mali kauli marumaru za rangi ambayo haikununuliwa popote, nawe unazipa nafasi ya dukani ambayo ingebeba kitu kinachouzika.

*Anachobeba yeye.* Karibu kila kitu: mtaji, uchakavu na mtindo kupitwa. Asichoweza kubeba ni uzembe wako. Andikeni mapema nani analipa vikivunjika, vikiibwa au vikiungua, na kama bima ya duka lako inagusa mali isiyo yako. Kubalianeni pia siku ya kuhesabu, mathalani kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na ahesabu mtu wake pamoja na mtu wako.

*Ukiteleza.* Huku ndiko kuteleza kunakoonekana kama wizi. Fedha ya mali kauli ikiingia kwenye droo moja na fedha nyingine, itanunua misumari, italipa umeme, na siku ya kuhesabu itakuwa haipo. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuwa na lipa namba ya pekee kwa bidhaa hizo, na fedha taslimu yake kuingizwa humo jioni ileile.

*Anayefaa.* Duka lililo mahali pazuri lenye msambazaji anayetaka bidhaa yake mpya ionekane. Haifai kwa nondo na saruji, na msambazaji akikataa kutoa vitu hivyo kwa mali kauli ana haki.

Namna ya kulianzisha

Njia yoyote utakayochagua, wakati wa kuomba una uzito kuliko maneno. Omba ukiwa umemaliza kulipa, kamwe usiombe siku ambayo deni limeiva, kwa sababu siku hiyo ombi la kubadili utaratibu na ombi la kusamehewa tarehe husikika kama kitu kimoja. Nenda kwa mwenye uamuzi. Afisa mauzo atakubali lolote ili auze, kisha mhasibu ataligomea. Na oda yako kubwa ipeleke mwanzoni mwa mwezi: mzigo wa tarehe 2 Juni unampa msambazaji siku 48 kabla ya kodi ya tarehe 20 Julai, wa tarehe 28 unampa 22 tu.

Mazungumzo niliyoyasikia yakienda vizuri yalikuwa mafupi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo ulifika salama?"

"Ulifika, ahsante. Hesabu ya mwezi nimeimaliza jana, kwa hiyo sijaja kuomba unisubiri. Nimekuja na daftari. Misumari na mabati yanatoka ndani ya wiki mbili, hayo sitaki uniongezee hata siku moja. Rangi na vitasa vinakaa karibu miezi miwili."

"Unataka ngapi?"

"Arobaini na tano kwa rangi na vitasa peke yake, kodi nikuletee kabla ya tarehe kumi na nane. Tujaribu kwa oda tatu, na deni langu lisizidi milioni thelathini hata siku moja. Likifika hapo, usinipakilie."

Mzee hakukubali papo hapo, alimwita mhasibu wake. Lakini kikomo cha deni kilichotajwa na mdaiwa mwenyewe ndicho kilichomaliza ubishi, maana kilimpa namba ya kusimamia.

Mkishakubaliana, andikeni karatasi moja. Iseme siku zinaanza kuhesabiwa lini, tarehe ya ankara au tarehe mzigo unapopokewa. Kwa Morogoro tofauti ni siku moja, kwa Kigoma inaweza kuwa wiki. Iseme mzigo ukija pungufu au ukiwa na kasoro, kinachosimama ni malipo ya sehemu hiyo tu na si ya ankara nzima. Iseme malipo ni fedha kuonekana kwenye akaunti yake, si picha ya karatasi ya benki iliyotumwa kwa simu. Ugomvi mwingi niliousuluhisha ghalani ulitokana na moja ya hayo matatu.

Jambo moja la adabu. Wafanyabiashara wengi Waislamu, hasa wa mwambao, hawapokei faini ya asilimia kwa kuchelewa, kwa kuwa wanaihesabu riba, na mnunuzi anayeahidi "nikichelewa nitaongeza asilimia mbili" humtia mwenyeji wake katika aibu ya kukataa. Wanazuoni wengi huruhusu bei ya kuahirisha kuwa juu kuliko ya taslimu mradi bei hiyo imekubaliwa tangu mwanzo na haibadiliki. Kwa msambazaji wa namna hiyo pangeni bei mbili mapema, ya taslimu na ya siku 45, kisha usiitaje faini.

Kwa hali yako

Kama umelipa vizuri kwa nusu mwaka na pengo lako liko kwenye bidhaa chache za polepole, anza na njia ya kwanza kwa bidhaa hizo tu, na uongeze ahadi ya kodi kutoka njia ya pili. Kama rekodi yako ina tarehe zilizokosewa, lipa kwa awamu kwa miezi mitatu kwanza, ndipo urudi na ombi la siku zaidi.

Kama ni mara yenu ya kwanza kufanya kazi pamoja na unataka mzigo mkubwa, dhamana ya benki inakufaa iwapo benki itaitoa bila kufungia fedha nyingi taslimu; ikishindikana, nunua taslimu oda mbili tatu ndogo ili ujenge historia. Kama unataka kujaribu bidhaa usiyoijua soko lake, chukua mali kauli kwa kiasi kidogo na uhesabu kila mwezi.

Kama msambazaji wako anatoa punguzo la asilimia 2 kwa anayelipa siku ya mzigo, piga hesabu kabla ya kuomba lolote. Kuliacha punguzo hilo ili upate siku 14 ni sawa na kukopa kwa zaidi ya asilimia 53 kwa mwaka, na mwenye mkopo wa benki wa asilimia 18 anapata faida kwa kulipa mapema.

Na kama wewe ndiye mnunuzi mkubwa na msambazaji ni mdogo, fundi milango mwenye karakana moja kwa mfano, siku 45 zitamfungia kazi hata akizikubali kwa tabasamu. Kwa huyo acha siku zilivyo, na siku za ziada zitafute kwa muuzaji wa jumla. Kenya kuna sababu ya ziada ya kuwa mwangalifu, kwa kuwa sheria ya ushindani ya huko inahesabu ucheleweshaji wa malipo ya wasambazaji kinyume cha makubaliano, bila sababu ya msingi, kuwa ni matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi.